UZI: Nina ofa ya masharti Saudia, uhakiki wa vyeti wiki ya 7 kimya. Meseji hii nimtumie dada wa ajira au nitulie?

#1 Nesi_wa_Shangani

Wakuu habari za usiku. Mimi ni nesi hapa Mtwara mjini, nina diploma ya 2015, nipo wodi ya wazazi. Tarehe 14 Machi nilipata ofa ya masharti kutoka hospitali moja Riyadh, sharti ni vyeti vyangu vihakikiwe na kampuni ya DataFlow halafu nipate usajili wa kule. Nikapakia kila kitu tarehe 2 Aprili. Leo ni 23 Mei. Leseni imerudi imethibitishwa, ila diploma na barua ya uzoefu mpaka leo vinaonyesha vinashughulikiwa tu, hata usingizi sipati. Ofa inasema uhakiki uwe tayari 30 Juni.

Dada anayeshughulika na ajira hospitali ile ni Mkenya wa Mombasa, tunaandikiana Kiswahili vizuri tu. Nimeandaa hii, naomba mnikosoe kabla sijatuma:

*"Shikamoo dada, samahani sana kwa usumbufu najua una kazi nyingi. Naomba unisaidie uhakiki wangu umefika wapi maana nimesubiri sana na nina watoto wawili wananitegemea, nimeshamwambia metroni naondoka. Nakutumia na neno la siri la akaunti yangu uingie uangalie mwenyewe, pia picha ya pasipoti. Tafadhali usinisahau. Asante sana Mungu akubariki."*

#2 Kitangari_Boy

Dada pole. Ingia Ajira Portal, jaza upya taarifa za elimu halafu ombi lako litasoma. Mimi lilinikwama hivyo hivyo mwaka jana.

#3 Nesi_wa_Shangani

Mkuu sio za serikali hizi, ni hospitali ya nje. Asante lakini.

#4 Kitangari_Boy

Aah nimesoma haraka. Nipo nafuatilia.

#5 Mzee_wa_Mikindani

Yani nesi wetu wa wazazi anaenda Riyadh, sisi wake zetu atawazalisha nani? Nakutania mwanangu, nenda katafute. Ila neno la siri usimpe mtu hata kama ni shangazi yako wa tumbo moja na baba.

#6 Zamani_Riyadh

Nilifanya Riyadh miaka sita, sasa nipo Masasi. Nesi, usiitume hiyo meseji kama ilivyo. Nakueleza kwa nini.

Kwanza neno la siri litoe. Akaunti ile ina pasipoti yako, vyeti vyako na barua uliyosaini kuridhia taarifa zako ziulizwe. Ukimpa mtu na ukabadilika ukweli wowote mle ndani, wa kujibu ni wewe. Hata dada mwenyewe akiwa mtu mwema hatakiwi kuingia mle.

Pili, unamuuliza kitu ambacho huenda hakioni. Nikuulize, maombi ya uhakiki ulifungua wewe na kulipa wewe, au hospitali ndiyo ilikutumia kiungo cha kuanzia? Kama ni wewe mwenyewe basi wewe ndiye unaona zaidi yake, yeye anasubiri ripoti tu. Kama ni wao walifungua, hapo wana namna ya kuuliza kwa jina la hospitali na inasikika zaidi.

Tatu, hakuna namba hata moja. Huyo dada ana watu wengi wenye ofa, anakukumbukaje kwa "nina watoto wawili"? Na hilo la metroni tutalirudia, limenishtua.

#7 Nesi_wa_Shangani

Nililipa mwenyewe kwa kadi ya kaka yangu. Kwa hiyo yeye haoni kitu??

#8 Zamani_Riyadh

Kwa kawaida haoni zaidi ya utakachomwambia, labda uwe umeshampa ripoti yenyewe. Ndiyo maana meseji nzuri kwako sio ya kuuliza "imefika wapi", ni ya KUMWAMBIA imefika wapi halafu kuuliza kitu ambacho yeye peke yake anakijua.

#9 BintiNachingwea

Hapo kwenye metroni naomba niseme maana mimi yamenikuta. 2021 nilipata ofa kama hiyo, nikaaga kazini, nikapikiwa na biriani ya kuagwa, nikaandika barua ya kuacha kazi kabisa. Uhakiki ukachukua muda kwa sababu hospitali binafsi niliyoanzia kazi ilikuwa imefungwa, hakuna wa kujibu imeili. Ikarudi kwamba imeshindikana kuthibitishwa, siyo kwamba nimedanganya, ila hawakupata mtu wa kusema ndiyo. Ofa ikaisha muda. Nimekaa nyumbani miezi minane nauza mandazi na barafu ndipo nikapata zahanati nyingine kwa mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Dada kama hujaandika barua usiandike. Kumwambia metroni kwa mdomo sio mbaya sana, bado unaweza kusema mipango imesogea mbele.

#10 Nesi_wa_Shangani

Sijaandika barua. Pole sana dada yangu, nimeumia kusoma.

#11 Mtoto_wa_Ndanda

Tatizo ni majina hapo. Dada cheti cha chuo na pasipoti majina yanafanana? Mimi nina uhakika 100% ni majina. Nenda kwa wakili kala kiapo, upakie, wiki moja imeisha.

#12 Nesi_wa_Shangani

Cheti cha chuo kina majina mawili, la kwangu na la ukoo. Pasipoti ina matatu na la baba katikati. Leseni pia ina matatu.

#13 Mtoto_wa_Ndanda

Si nimesema! Kiapo.

#14 Zamani_Riyadh

@Mtoto_wa_Ndanda upo nusu sahihi. Kiapo kinasaidia kuunganisha kwamba mwenye majina mawili na mwenye matatu ni mtu mmoja, awe nacho, ni kitu kizuri. Lakini hakifungui mlango wa chuo. Anayehakiki haangalii cheti chako na kuamua mwenyewe, anamwandikia aliyekitoa: je, huyu mtu kwa jina hili, namba hii, mwaka huu, mlimpa? Sasa kama kwenye fomu ya kuomba umejaza jina la pasipoti peke yake, karani wa chuo anafungua daftari anatafuta majina matatu, hayapo, anaacha. Kwa hiyo la kuangalia kwanza ni sehemu ile ya fomu inayouliza jina lililopo kwenye cheti. Uliandika nini hapo?

#15 Nesi_wa_Shangani

Nimeingia kuangalia sasa hivi. Niliandika la pasipoti sehemu zote mbili 😭

#16 Mzee_wa_Mikindani

Mtoto wa Ndanda leo amepata maksi, tumpe korosho kilo.

#17 Korosho_Daraja_la_Kwanza

Kilo ya korosho safi unaijua bei yake wewe mzee? Mpe mabibo.

#18 Karani_Mstaafu

Nimesoma nikasema niandike maana nilikuwa ofisi ya taaluma chuo cha afya kwa miaka mingi. Jina linaweza kuwa sababu ila msifunge mjadala hapo. Wengi mnadhani chuo kuna mtu amekaa anasubiri barua za nje. Hakuna. Imeili inaingia kwenye sanduku la mkuu wa chuo. Mkuu amehamishwa, mpya hana neno la siri la zamani. Au imeingia kwenye zile barua za takataka kwa sababu imetoka nje ya nchi, ina kiambatisho na kiungo cha kubofya, na sisi tumefundishwa tusibofye. Au imesomwa, akaambiwa karani tafuta faili la 2015, faili lipo stoo, stoo ufunguo anao mtu yupo likizo. Mwezi umepita hapo na hakuna mtu mbaya hata mmoja.

Dada usipige simu na kusema "jibuni imeili yangu". Nenda mwenyewe kama unaweza, na kopi ya cheti, na namba yako ya usajili ya chuoni pamoja na namba ya mtihani, kwa sababu mafaili yamepangwa kwa namba na mwaka, jina linafuata baadaye. Waombe watafute kwenye barua za takataka jina DataFlow. Wakiipata wajibu kwa anwani ya chuo yenyewe, sio karani kutumia anwani yake binafsi, wanaohakiki wanaikataa ile maana hata wewe unaweza kufungua ya jina la karani ukajijibu mwenyewe.

#19 Kijana_Lindi_Mjini

Mbona mnazunguka. Aombe AVN ya NACTVET, aipakie, imekwisha. Ile ndiyo uhakiki wa diploma Tanzania.

#20 Karani_Mstaafu

Hapana mjukuu. Namba ya AVN ni ya mwenye diploma anayeomba kuingia chuo kikuu hapa nchini, vyuo vikuu vinaitumia kuona matokeo yake. Mhakiki wa nje haihitaji, yeye anataka jibu la aliyetoa cheti. Ila umenikumbusha jambo: dada angalia cheti chako juu kimeandikwa nani amekitoa. Kuna vya miaka ya nyuma vilitolewa na Wizara ya Afya, vya mfumo wa NTA vina jina la NACTE kabla haijaitwa NACTVET. Kama kwenye fomu ulijaza kwamba mtoaji ni chuo na cheti kinasema mwingine, barua imeenda mlango ambao sio.

#21 Kijana_Lindi_Mjini

Sawa babu nimekusikia. Lakini haina ubaya kuwa nayo.

#22 Dada_wa_Tandahimba

Mimi nadhani ni barua ya uzoefu ndiyo inachelewesha, diploma ni kisingizio. Barua zetu zinaandika cheo cha serikali. Dada yako imeandikaje?

#23 Nesi_wa_Shangani

Imeandikwa kwa Kiingereza, cheo ANO, kuanzia 2017 mpaka sasa. Ndiyo barua aliyonipa katibu wa afya.

#24 Dada_wa_Tandahimba

Basi hapo. Sisi tunajua Afisa Muuguzi Msaidizi ni nesi kamili mwenye diploma. Kule wakisoma "msaidizi" wanaelewa yule anayesukuma machela na kubadilisha mashuka. Rafiki yangu walimrudishia wakamuuliza wewe ni nesi au msaidizi wa nesi.

#25 Zamani_Riyadh

Hili ni la kweli na wengi hawalijui. Ila kwake halikwamishi uhakiki wenyewe, kwa sababu mwajiri anaulizwa tu: alikuwepo, tarehe hizi, cheo hiki? Akijibu ndiyo, ripoti inatoka safi na cheo kile kile cha ANO. Shida inakuja baadaye, mezani kwa dada wa ajira, anapoona ripoti inasema msaidizi na ofa inasema nesi. Kwa hiyo mwandikie MAPEMA. Mwambie ANO ni cheo cha utumishi, na kwamba Baraza la Uuguzi na Ukunga limekusajili kama RN, na hilo ndilo lililokwisha kuthibitishwa. Usimwache agundue mwenyewe.

Na swali jingine nesi: ofa yako inasema utakuwa nani? Kule Saudia tume yao inayosajili watu wa afya inampanga mwenye diploma kwenye daraja la tekinishian, mwenye digrii ndiye spesholisti. DataFlow inasema cheti ni cha kweli, basi. Daraja wanatoa wengine, kwenye mfumo wa Mumaris Plus. Unaweza ukapata ripoti safi kabisa na bado ukapangwa chini ya kilichoandikwa kwenye ofa, na mshahara ukashuka nayo.

#26 Nesi_wa_Shangani

Nimeifungua ofa. Imeandikwa muuguzi tu, haijataja daraja. Mshahara upo lakini.

#27 Zamani_Riyadh

Basi hilo nalo ni la kumuuliza, ila sio meseji hii. Meseji moja, jambo moja. Ukichanganya atajibu lile rahisi na kuacha lililokuuma.

#28 BintiNachingwea

Mimi ningemuuliza yote mara moja. Hawa watu kujibu meseji ya pili ni bahati.

#29 Zamani_Riyadh

Tumetofautiana dada, sio mbaya. Mimi naogopa asianze kujadili mshahara na mtu ambaye bado hana ripoti.

#30 Nesi_wa_Shangani

Naomba mnisaidie basi meseji yenyewe niandikeje.

#31 Zamani_Riyadh

Jaribu hivi, rekebisha kwa maneno yako:

*"Salaam dada. Ni mimi (jina kamili kama la pasipoti), muuguzi wa wazazi, ofa ya masharti ya tarehe 14 Machi, namba ya ofa (…). Namba ya kesi yangu DataFlow ni (…), niliwasilisha tarehe 2 Aprili.*

*Mpaka leo 23 Mei leseni imethibitishwa. Diploma na uzoefu bado. Nimegundua kwenye fomu nilijaza jina la pasipoti mahali palipotakiwa jina la cheti, leo nawaomba DataFlow walirekebishe, na wiki hii nafuatilia chuoni na kwa mwajiri wangu. Nitakuandikia Ijumaa nikueleze nilichokipata.*

*Naomba kujua jambo moja: tarehe 30 Juni iliyo kwenye ofa ni siku ambayo ripoti iwe imeshatoka, au inatosha nikionyesha kwamba kesi ipo wazi na inaendelea? Kama ni ya ripoti kutoka, maombi ya kusogeza mbele niyalete kwa nani na kabla ya tarehe gani?*

*Utakapoona ripoti, cheo ANO ni cheo cha utumishi wa umma hapa Tanzania kwa muuguzi mwenye diploma. Usajili wangu ni RN, ambao umethibitishwa. Asante."*

Hakuna watoto hapo, hakuna metroni. Sio kwamba watoto si kitu, ila hilo halimpi yeye cha kufanya.

#32 Mzee_wa_Mikindani

Mimi ningeibakiza shikamoo. Huyo dada wa Mombasa ukimnyima shikamoo atasema watu wa Kusini hatuna adabu.

#33 Dada_wa_Tandahimba

Mzee kama ni mdogo kwake shikamoo ya nini? Atamzeesha.

#34 Mzee_wa_Mikindani

Adabu haizeeshi mtu.

#35 Karani_Mstaafu

Meseji imekaa vizuri. Naongeza moja tu, usiandike "nimeshaongea na chuo wakasema watajibu" kabla hujaongea nao. Akimpigia mhakiki na ikaonekana hakuna jibu, wewe ndiye utaonekana muongo, na hii kazi yote ni ya kupima nani anasema kweli.

#36 Mtoto_wa_Ndanda

Na kiapo msisahau jamani 😅 au afanye dipoli kabisa majina yawe mamoja.

#37 Wakili_wa_Kijiweni

Dipoli ni kubadilisha jina rasmi, linasajiliwa, na ukibadilisha sasa hivi pasipoti, leseni na NIDA zote utaanza kuzungushana nazo katikati ya uhakiki. Mtu aliyeacha jina la kati halijaandikwa kwenye cheti hajabadilisha jina, anahitaji kiapo tu cha kusema yote ni yake. Asifanye dipoli sasa hivi.

#38 Nesi_wa_Shangani

Nimetuma meseji leo asubuhi, nimebakiza "Salaam dada" (samahani mzee wangu). Kesho nina ofu, nachukua basi la alfajiri kwenda Lindi chuoni.

#39 Korosho_Daraja_la_Kwanza

Ukipita Mnazi Mmoja ninunulie machungwa.

#40 Nesi_wa_Shangani *(siku mbili baadaye)*

Wakuu mrejesho. Chuoni mkuu ni mpya kama alivyosema babu Karani. Wametafuta wakaikuta imeili ya tarehe 9 Aprili kwenye takataka kweli, lakini kulikuwa na nyingine ya tarehe 28 ambayo ilisomwa na haikujibiwa. Karani wa pale akasema aliitafuta kwa majina matatu hakuona mtu. Kwa hiyo sijui niseme ni takataka au ni jina. Ameniona kwenye daftari kwa namba ya mtihani chini ya dakika kumi. Amejibu mbele yangu kwa anwani ya chuo, na barua ameambatanisha yenye mhuri inayosema majina mawili ndiyo waliyonisajili nayo.

Mtoaji wa cheti niliandika chuo, na cheti juu kina jina la NACTE. Mkuu wa chuo anasema wao wanaweza kuthibitisha kwamba nilisoma na kumaliza, sijui kama itatosha.

#41 Mtoto_wa_Ndanda

Jina! Nilisema jina!

#42 Karani_Mstaafu

Ya tarehe 9 ilikuwa takataka, usijisifu sana.

#43 Karani_Mstaafu

Dada, hilo la mtoaji waandikie wanaohakiki kupitia akaunti yako leo leo, waambie kwenye cheti mtoaji ni huyu na chuo ni hiki, wachague wenyewe wa kumuuliza. Wakilipata wakati bado kesi ipo wazi wanaongeza tu mlango wa pili. Ripoti ikishafungwa na kasoro, kuifungua upya ni maombi mengine na malipo mengine.

#44 Nesi_wa_Shangani

Nimefanya. Na dada wa ajira amejibu usiku! Amesema tarehe 30 Juni ni ya ripoti kutoka, ila nikiomba kwa maandishi kabla ya 15 Juni na nikaweka picha ya skrini ya kesi wanaweza kunipa mpaka 31 Julai, inategemea na mkuu wa wauguzi wa kule. Amesema pia amefurahi nimemweleza ANO maana tayari walikuwa wameweka alama ya kuuliza kwenye faili langu.

#45 Dada_wa_Tandahimba

😌

#46 Zamani_Riyadh

Hongera. Sasa andika hayo maombi leo, usisubiri tarehe 14 usiku. Na uzoefu je?

#47 Nesi_wa_Shangani

Uzoefu bado. Katibu wa afya anasema hakuna imeili iliyoingia, na mimi kwenye fomu niliweka anwani iliyopo kwenye kichwa cha barua. Mtu mmoja wa ofisini kaniambia anwani ile ni ya zamani, mwingine anasema inafanya kazi. Nimemwomba katibu ajitumie imeili ya majaribio kutoka nje tuone.

#48 BintiNachingwea

Hicho ndicho kilichoniua mimi. Fuatilia mpaka uione imeingia kwa macho yako. Na barua ya kuacha kazi?

#49 Nesi_wa_Shangani

Sijaandika. Nimerudi kwa metroni nimemwambia nipo mpaka nitakapomwambia tena. Kaniweka zamu ya usiku wiki nzima.

#50 Kitangari_Boy

Samahani narudi tena, hii DataFlow mtu wa maabara naye anapita humo humo au ana ya kwake?

#51 Zamani_Riyadh

Anapita humo. Fungua uzi wako mkuu, huu wa nesi tusubiri katibu ajaribu hiyo imeili.